Kinywa cha Omer

Mama Henriette Mbuyu hajasikia sauti ya mtu tangu mwanawe alipokuwa darasa la pili. Aliugua kifua kikuu, wakamchoma sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, kifua kikapona na masikio yakafa. Mumewe alikuwa amekwenda Sandoa kulima mihogo akisema atarudi msimu ukiisha. Naona msimu bado haujaisha, maana hajaonekana hadi leo. Mama akabaki na mtoto mmoja, Omer, na karai la kukaangia mikate, na mlango ambao mtu angeweza kuugonga mpaka ngumi zivimbe.

Mimi naitwa Stany. Nina studio ya picha hapa Kolwezi, mita chache kutoka pale Mama Henriette anapokaangia mikate yake, karibu na soko. Nimekula mikate hiyo tangu nikiwa mtoto, kwa sababu Omer alikuwa rafiki yangu na nyumba yao ilikuwa kama yetu. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba mtu aliyeharibu mambo hakuwa mgeni.

Mama husoma midomo. Si kwamba alifundishwa na mtu. Aliamka kiziwi akiwa na mtoto wa kulisha, akaanza kuwatazama watu vinywa. Anasoma Kiswahili chetu, na ukisema polepole hakosei. Ukimwagiza mikate huku umegeuza uso unapewa idadi anayoitaka yeye, na usilalamike. Akichoka na mtu ana dawa yake: hufumba macho. Akifumba macho mazungumzo yamekwisha, unaweza kuapa kwa Mungu na kulia, wewe unajisemea peke yako. Omer alipovunja karai akicheza mpira ndani, mama yake alifumba macho kutwa nzima. Sisi tulicheka. Omer alikaa mbele yake pale chini akingoja yafumbuliwe.

Huyo Omer alikuwa na tabia ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine. Akizungumza na mama yake hakutoa sauti. Aliniambia tukiwa wadogo, "Hasikie. Juu ya nini nipige makelele?" Alikuwa anainua nyusi kwanza, hiyo ndiyo hodi yake, kisha anasema kwa midomo mitupu, taratibu, neno kwa neno. Alikuwa na mwanya mpana katika meno ya mbele, na mama yake alisema mwanya ule ndio uliomfanya Omer asomeke kuliko watu wote, kwa sababu aliuona ulimi ukifanya kazi. Walikuwa wanaweza kukaa saa nzima, kimya kabisa, mmoja anacheka, mwingine anamkemea. Wageni waliogopa. Mimi niliyazoea kiasi kwamba nikaacha kuyaona, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Omer alikua, akasoma, akapata kazi ya kufundisha usalama katika kampuni ndogo inayopeleka wafanyakazi migodini. Kila mgeni kabla ya kushuka shimoni alipita kwake kuambiwa habari ya kofia, mabuti, na yale malori makubwa ambayo dereva haoni mtu aliye karibu na gurudumu. Mwaka jana mwezi wa nane wakubwa wake wakataka mafunzo hayo yawe video, kwa Kifaransa, na Omer akawaambia mpiga picha ni mmoja tu Kolwezi nzima. Uongo, tuko wengi, lakini alikuwa hivyo.

Tulipiga picha asubuhi uani mwa kampuni. Omer alisimama mbele ya ukuta mweupe na kofia yake ya njano, uso wote kwenye kamera. Mimi nilivaa vifaa vya masikioni na macho yangu yalikuwa kwenye kimshale kinachoonyesha sauti, kwa sababu jenereta la jirani lilinitia wasiwasi. Alisema yake yote bila kukosea. Alipomaliza na "merci", kimshale kikalala. Nikaanza kukunja waya, kamera nikaiacha inaendelea kwa muda mfupi, kisha nikaizima. Tulikunywa soda. Wiki tatu baadaye Omer alikuwa kwenye pikipiki barabara ya Likasi, lori likamfuata upande, likamponda.

Wazee wa ukoo waliamua jeneza lisifunguliwe. Nilimwona Mama Henriette akimshika mkono mdogo wake, Mama Muamba, akisema kwa ile sauti yake ya juu isiyopanda wala kushuka, kwa kuwa hajisikii mwenyewe, "Munionyeshe kinywa tu. Mufunike ingine yote. Kinywa tu." Walikataa kwa kumhurumia. Pengine walifanya sawa, mimi sikuuona uso huo. Ila najua mama alirudi kutoka makaburini akiwa hajaagana na mtu yeyote.

Siku ya tisa baada ya maziko alikuja studio. Alikaa kwenye kiti wanachokalia watu wa picha za pasi, akanitazama mdomo.

"Stany, uko na Omer mu kamera. Mi nataka kumuona anasema."

Nikamwonyesha ile video ya kampuni, niliyokwisha kuikata na kuitia muziki na alama yao pembeni. Aliitazama mara mbili, uso karibu na kioo. Kisha akakaa sawa.

"Anasema français. Mi sijue français. Pale haiko anasema na mi." Akanitazama tena mdomo. "Haiko ingine?"

"Hapana, mama. Njo ile tu."

Niliyasema haya, kwamba ni ile tu, mbele yake, midomo wazi, asome vizuri. Na ile picha ghafi, nzima, kutoka mwanzo hadi nilipozima kamera, ilikuwa kwenye kompyuta iliyokuwa chini ya kiwiko changu. Sikumdanganya kwa makusudi. Kwangu mimi nyingine haikuwapo. Kilichobaki baada ya "merci" kilikuwa takataka, kama maganda ya viazi.

Badala yake nikapata wazo, na mtu akitaka kujua kiburi kinafananaje, aje anione siku ile. Nilikuwa nimeanza kutumia mtandao mmoja unaogeuza video kutoka lugha moja hadi nyingine. Unaipandisha video, unachagua inatoka lugha gani na kwenda lugha gani, basi. Mashine inasikiliza maneno na kuyaandika, inayatafsiri, inayasoma kwa sauti iliyoigwa kutoka kwa msemaji mwenyewe, halafu ukitaka inachora upya mdomo wake ufuatane na maneno mapya. Nilikwisha kuwageuzia wahubiri wawili, wakafurahi. Nikajiambia: Omer atasema Kiswahili. Mama atamsoma. Nitamletea mwanawe siku ya arobaini, siku ya kuondoa kilio, mbele ya ukoo wote.

Nilipandisha picha ghafi, kwa sababu kuiga sauti kunataka sauti safi na ile ya kampuni ilikuwa na muziki juu yake. Nikachagua Kifaransa kwenda Kiswahili. Nikaweka alama kwenye sauti, nikaweka alama kwenye midomo. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, na Omer akaanza kusema nami. Nililia, sitaficha. Sauti ilikuwa yake, au kivuli chake cha karibu sana. Chini chini ilikuwa na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Ni kweli alisema Kiswahili cha taarifa ya habari, si chetu. Ni kweli palipokuwa na sentensi ndefu alikimbia ili aenee katika muda wa Kifaransa, na kikohozi chake kilichokuwa katikati kilifutwa. Nilimaliza kuitazama pale aliposema asanteni. Zilizofuata sekunde chache za kimya sikuzijali, wala sikuzikata, uvivu tu.

Halafu nikafanya jambo ambalo nalifanya kila wiki tangu nifungue studio. Kompyuta ilikuwa imejaa. Nikafuta ile ghafi. Kadi ya kamera nikaifuta pia, nikaenda nayo kupiga harusi ya Gael, kijana wa kwa Mukendi, siku mbili mfululizo, mpaka ikajaa. Nilikuwa na Omer aliye bora zaidi, wa nini kuweka yule mwingine?

Siku ya arobaini tulifunga turubai uani kwa mama, nikaleta televisheni kubwa kutoka studio. Ilikuwa saa tisa mchana, baada ya sala na chakula. Mama Henriette aliwekwa mbele kabisa, Mama Muamba kushoto, na kulia Kadija, muuza vitenge ambaye kibanda chake kinapakana na karai la mama na ambaye humsemea kwa wateja wageni. Mimi nikasimama kando nikitabasamu kama mtu anayegawa zawadi. Nikamgusa mama begani, nikamwambia midomo wazi, "Leo atasema na weye, mu Kiswahili." Akanishika mkono. Mikono yake huwa ya moto daima kwa sababu ya mafuta. Aliubana wangu, hakuuachia mpaka picha ilipotokea.

Sauti ya Omer ilipotoka, ua wote uliangua kilio. Watu wazima walilia kwa kuambiwa wavae mabuti. Mama Muamba alijipiga kifua. Mzee mmoja aliitika "ndiyo, mwanangu" kila Omer alipotaja kofia. Kadija peke yake alikunja uso kidogo, akasema, "Anasema sawa mutu ya redio," lakini naye alikuwa anafuta machozi.

Mama Henriette hakulia. Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, anatafuta. Nilimwona akihamisha kichwa, kushoto, kulia, kama mtu anayetazama ndani ya nyumba kupitia dirisha chafu. Dakika ilipita. Akamgeukia Kadija.

"Anasema nini?"

Kadija akamwambia kwa midomo: habari ya malori. Mama akatazama tena, kisha akasema kwa sauti iliyofika kila pembe ya ua:

"Sione. Kinywa inafunguka, inafungika, lakini hakuna neno ndani. Meno yake iko wapi?"

Nikatazama, na kwa mara ya kwanza nikaona. Mwanya haukuwapo. Mashine ilikuwa imechora meno kama utepe mmoja mweupe, na nyuma yake giza tu, bila ulimi. Sisi tunaosikia hatukuwa tumehitaji zaidi ya hapo. Masikio yalitupa neno na macho yakaridhika kuona midomo inacheza kwa wakati wake. Mashine ilitengenezewa watu kama sisi. Ilitosha mdomo ufunguke sauti inapofunguka. Yeye alikuwa amebaki na mdomo peke yake, na mdomo ule ulikuwa unatafuna hewa.

Nilitaka kwenda kuizima. Ningeizima hapo, angebaki na huzuni ya kawaida. Lakini Omer akasema asanteni, sauti ikaisha, na picha ikaendelea.

Mama Henriette akasimama.

Pale kwenye kioo Omer alikuwa ameinua nyusi. Macho yake yalikuwa yamelegea, yakiangalia moja kwa moja kamera, yakicheka. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Mashavu, juu pale ambapo mashine haikugusa, yalisogea. Na chini yake mdomo ulikuwa umefungwa kabisa, laini, ukitetemeka kidogo pembeni kama utando wa maziwa. Alikuwa anasema na mama yake. Alikuwa anasema bila sauti, kama alivyosema naye maisha yake yote, na mashine iliyoamrishwa kufuata sauti haikusikia sauti yoyote, ikaona kazi yake hapo ni kumfumba.

Zilikuwa sekunde sita. Mwishoni Omer aligeuka upande kuvua kofia, mashine ikaupoteza uso, na kwa nukta moja mdomo wake wa kweli ukatokea, wenye mwanya, ukiwa tayari unafungika. Kisha giza.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha. Akaitazama akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kioo. Nikarudisha tena, na mara ya nne alinyoosha kidole akagusa kioo pale mwisho, kwenye ile nukta.

"Hapa njo yeye. Lakini amekwisha kusema." Akanigeukia. "Alikuwa anasema na mi. Nani alimufunga kinywa?"

Kadija akaniuliza kwa sauti ya chini ilipo ile ya kwanza, ambayo haikuguswa. Nikamwambia. Naye hakumtafsiria mama, ila mama alikuwa ananitazama mimi, si Kadija, na mimi sina ndevu za kuficha midomo. Aliisoma yote: nilifuta.

Niliitafuta, mtu asidhani niliketi tu. Nilipeleka kadi na kompyuta Lubumbashi kwa fundi ambaye hufufua faili zilizofutwa. Aliifanyia kazi siku tatu, akanirudishia vipande vya harusi ya Gael, bibi harusi anakata keki. Niliwaandikia wenye mtandao. Wakajibu kwa adabu kwamba kwa akaunti ya bure kama yangu, video iliyopandishwa huondolewa baada ya siku chache. Toleo la kampuni lilikatwa kwenye "merci" na mikono yangu mwenyewe. Hakuna mahali popote duniani palipo na sekunde zile sita.

Nikafanya tena ujinga mwingine, wa mtu asiyejua kukaa kimya. Nilikwenda kwa mama nikamweleza kwamba mashine inaweza kumfanya Omer aseme chochote. Nikiandika "Mama, nakupenda", atasema. Ningeitafuta mashine nyingine, yenye kuchora meno vizuri zaidi, na mwanya ningeurudisha. Alikuwa anageuza mikate na mti wake mrefu. Alingoja nimalize.

"Ile utaandika weye," akasema. "Mi nataka ya kwake."

Akanipa mkate, kama siku zote, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu arobaini.

"Ulikuwa pale, Stany. Mulikuwa babili tu. Ulimuona anasema. Alisema nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema alisema nitakuja kula jioni, au usibebe makaa mazito, maneno ambayo Omer angeweza kuyasema siku yoyote, na angeniamini, angeyaweka moyoni akazeeka nayo. Kwa wiki nzima nilikuwa nimeyatunga kichwani. Lakini mtu anayekutazama mdomo kwa namna ile ni vigumu kumpa neno bandia, nilishampa moja tayari.

Nikamwambia kweli. Kwamba nilikuwa mita mbili kutoka kwa mwanawe, na masikio yangu yote mawili mazima, yamefunikwa vizuri yasipoteze kitu. Kwamba sauti ilipoisha nilidhani kila kitu kimeisha. Kwamba niliinama kukunja waya.

"Sikutazama, mama."

Mafuta yalikuwa yanachemka kati yetu. Aliondoa mikate yote karaini, mmoja mmoja, akauweka mti chini. Nilitaka kuomba msamaha, na sauti ilinikataa. Basi nikainua nyusi kama Omer, sijui nani alinipa ruhusa, na nikasema kwa midomo mitupu, taratibu, neno kwa neno: mama, unisamehe.

Alisoma lile la kwanza. Niliona macho yake yakilipokea. Kisha akayafumba, na mimi nikabaki pale mbele yake nasema peke yangu.